Maumivu ya hedhi: Kwa nini dawa iliyochelewa haimsaidii binti

Katika nyumba nyingi jambo hili hurudi kila mwezi. Asubuhi binti anasema tumbo linamnyonga kidogo, anaambiwa avumilie kwa sababu kila mwanamke amepitia hayo. Kufika mchana amejikunja kitandani, anatapika, na shule imeshindikana. Hapo ndipo mtu anatumwa dukani kununua vidonge viwili vya panado. Binti anavimeza, pengine anavitapika, na jioni wazazi wanakubaliana kwamba dawa za dukani haziwezi tatizo hili, afadhali itafutwe dawa ya chango.

Mara nyingi kilichokosewa ni vitu viwili: aina ya dawa na saa iliyotolewa. Dawa inayofaa ipo, ni ya bei nafuu na imepimwa kwa miaka mingi, lakini ikitolewa maumivu yakiwa yameshapamba moto hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Sababu ya jambo hilo inaeleweka mtu akishajua maumivu yenyewe yanatengenezwaje.

Kemikali inayokaza mfuko wa uzazi

Kila mwezi utando wa ndani wa mfuko wa uzazi hunenepa ukijiandaa kupokea mimba, na unashikiliwa na homoni iitwayo projesteroni. Mimba isipotunga, homoni hiyo hushuka, utando unaanza kumeguka, na chembe zake hutoa mafuta ya aina fulani. Mwilini kuna kimeng'enya kinachoyageuza mafuta hayo kuwa kemikali zinazoitwa prostaglandini.

Kazi ya prostaglandini hapo ni kukaza misuli. Mfuko wa uzazi wenyewe ni msuli, nao ukikaza na kulegea husukuma nje damu na utando uliomeguka, na kuminya mishipa ili damu isitoke kupita kiasi. Hiyo ni kazi ya kawaida na kila mwanamke anayepata hedhi anayo.

Tatizo huja kemikali hiyo inapotengenezwa kwa wingi. Wanawake wenye maumivu makali wamekutwa na prostaglandini nyingi zaidi katika damu ya hedhi kuliko wasioumwa. Mfuko wa uzazi hukaza kwa nguvu na kwa kufuatana, bila kupumzika vya kutosha kati ya mkazo mmoja na mwingine. Mishipa ya damu inayopita ndani ya msuli huo inabanwa, msuli unakosa damu na oksijeni, na msuli unaofanya kazi bila oksijeni huuma. Atakayetaka kuona jinsi inavyokuwa, amfikirie mtu aliyefungwa kitambaa juu ya kiwiko kikambana sana, kisha akaambiwa akunje na kukunjua ngumi. Haichukui muda mkono unaanza kumuuma.

Prostaglandini hazibaki tumboni peke yake. Nyingine huingia katika damu na kufika kwenye matumbo na mishipa ya sehemu nyingine, ndiyo maana binti mmoja anaharisha siku ya kwanza ya hedhi, mwingine anatapika, mwingine anaumwa kichwa au anapata kizunguzungu. Maumivu nayo huweza kushuka hadi mapajani na kuzunguka kiunoni. Hayo yote ni tatizo lilelile moja, wala binti hadeki.

Dalili hizi zilifahamika tangu zamani, lakini chanzo chake kilianza kujulikana mwaka 1957, pale mtafiti wa Uingereza, V. R. Pickles, alipoeleza kwamba ndani ya damu ya hedhi kuna kitu kinachokaza misuli. Mwaka 1971 Mwingereza mwingine, John Vane, akaonyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Tangu hapo ikawa wazi kwamba dawa za kundi la aspirini zinagusa chanzo cha maumivu ya hedhi.

Mpangilio huu unajibu pia swali ambalo akina mama huuliza mara nyingi: mbona mwanangu alipovunja ungo hakuumwa, ameanza kuumwa sasa? Miezi ya mwanzo hedhi nyingi huja bila yai kupevuka, na bila yai kupevuka projesteroni haipandi na kushuka kama inavyotakiwa. Kwa hiyo maumivu ya kawaida huanza miezi kadhaa hadi miaka miwili baada ya hedhi ya kwanza, mzunguko unapoanza kukomaa. Huja saa chache kabla ya damu au pamoja nayo, huwa makali zaidi siku ya kwanza, na huisha ndani ya siku mbili au tatu.

Kufunga bomba kabla sakafu haijalowa

Dawa zinazozuia prostaglandini ni za kundi moja. Inayopatikana kwa urahisi zaidi ni ibuprofeni, na nyingine ni naproksini, asidi ya mefenamiki na diklofenaki. Zote hukizuia kile kimeng'enya kinachogeuza mafuta kuwa prostaglandini.

Ila kuna jambo moja la kuzingatia. Dawa hizi huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini mpya, hazina uwezo wa kuondoa zile ambazo tayari zimetengenezwa. Ni sawa na mtu kufunga bomba lililoachwa wazi. Akilifunga mapema sakafu inabaki kavu, akilifunga maji yakiwa yameshatapakaa hayataongezeka, lakini sakafu imeshalowa na itabidi asubiri ikauke. Kidonge kinachomezwa mchana, binti akiwa ameumwa tangu asubuhi, kinakuta kazi imeshaharibika. Na kama anatapika, huenda kisikae tumboni hata kufika kwenye damu.

Ushahidi wa dawa hizi ni mkubwa kuliko wa tiba nyingine yoyote ya maumivu ya hedhi. Mwaka 2015 watafiti wa mtandao wa Cochrane, unaochambua tafiti za tiba duniani, walikusanya majaribio 80 yaliyohusisha wanawake zaidi ya 5,800. Hesabu yao ilionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wanaopewa kidonge kisicho na dawa, 18 hupata nafuu ya kuridhisha. Kati ya 100 wanaopewa dawa za kundi la ibuprofeni, wanaopata nafuu hiyo ni 45 hadi 53. Namba hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja: dawa inafanya kazi kweli, lakini si kwa kila mtu.

Uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba dawa hizo hushinda parasetamoli, yaani panado. Parasetamoli hupunguza hisia za maumivu, lakini uwezo wake wa kuzuia prostaglandini kwenye mfuko wa uzazi ni mdogo. Inabaki kuwa chaguo la pili, hasa kwa binti asiyeruhusiwa kutumia ibuprofeni.

Mfano wa binti wa kidato cha pili

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 15 mwenye uzito wa kilo 48, asiye na pumu, vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo. Mama yake ameandika tarehe za hedhi kwenye kalenda ya ukutani: 6 Machi, 3 Aprili, 1 Mei. Kati ya tarehe moja na nyingine kuna siku 28, hivyo hedhi inayofuata inatarajiwa karibu na 29 Mei. Ameandika pia kwamba tumbo huanza kunyonga kama saa mbili kabla ya damu kuonekana, kutapika huja mchana, na jioni ya siku ya pili binti huwa amepata nafuu. Akiulizwa maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10, binti husema 8.

Siku chache kabla ya 29 Mei mama ananunua ibuprofeni na kuisoma vizuri, kwa sababu dukani kuna vidonge vya miligramu 200 na vya miligramu 400. Kipimo cha binti wa umri na uzito huu ni miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, hadi mara tatu kwa siku, na jumla ya siku nzima isizidi miligramu 1,200. Mdogo wake wa miaka 11, akianza kuumwa, asipewe kipimo hiki. Apimwe uzito na mtaalamu ndiye aseme apewe kiasi gani.

Asubuhi ya siku ya kwanza, mara tu tumbo linaponyonga na bila kusubiri damu, binti anakunywa uji kisha anameza miligramu 400, iwe saa 1. Baada ya chakula cha mchana, saa 8, anameza nyingine, hata kama wakati huo haumwi sana. Ya tatu ni baada ya chakula cha usiku, saa 3. Siku ya pili anarudia vilevile. Siku ya tatu anameza tu ikiwa maumivu yanarudi, kisha anaacha.

Kile kidonge cha saa 8 mchana ndicho ambacho wengi hukiruka. Binti anajisikia nafuu, mzazi anaona hakuna haja ya kumjaza dawa, na kufika jioni nguvu ya kidonge cha asubuhi imekwisha huku mfuko wa uzazi bado unatengeneza prostaglandini. Kwa saa 48 za mwanzo dawa inatakiwa ifuatane kwa saa, isingoje maumivu yarudi. Kwa binti anayekaa bweni ni vizuri mzazi azungumze na matroni mapema, maana dawa iliyofungiwa ofisini hadi mwalimu wa zamu apatikane ni dawa iliyochelewa.

Mpango huu upewe mizunguko mitatu kabla ya kuhukumiwa, na kila mara namba ya maumivu iandikwe. Ikishuka kutoka 8 hadi 3 na binti akaenda shule, dawa imefanya kazi, hata kama maumivu hayakuisha kabisa. Ikibaki 7 au 8 ingawa kidonge kilimezwa mapema na kwa saa zake, hilo si jambo la kuongeza vidonge nyumbani. Ni sababu ya kwenda kituo cha afya, na ile kalenda iende naye. Daktari anaweza kubadilisha na kumpa dawa nyingine ya kundi lilelile, kwa kuwa asiyesaidiwa na moja anaweza kusaidiwa na nyingine, au akafikiria vidonge vya homoni. Vidonge hivyo, ambavyo wengi huvijua kwa uzazi wa mpango, huufanya utando wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba, na utando mwembamba hutoa prostaglandini chache.

Nani asipewe ibuprofeni

Dawa hii isitolewe bila ushauri wa daktari kwa binti mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu iliyowahi kuchochewa na dawa za aina hii. Asipewe pia anayetapika au kuharisha hadi amekaukiwa maji mwilini, kwa sababu figo zake zinaweza kuumia. Anayeweza kuwa mjamzito asiimeze. Aspirini nayo isitumike badala yake kwa watoto walio chini ya miaka 16, kwa kuwa huweza kuwaletea ugonjwa adimu lakini hatari wa ini na ubongo.

Kosa jingine hufanyika bila mtu kujua. Madukani kuna vidonge ambavyo ndani yake vimechanganywa parasetamoli pamoja na ibuprofeni au diklofenaki. Binti aliyemeza ibuprofeni asubuhi, kisha rafiki akampa kidonge cha aina hiyo mchana, amepata dozi mbili za kundi moja kwa wakati mmoja, na tumbo pamoja na figo ndivyo vinavyobeba mzigo. Kabla ya kuongeza kidonge chochote, pakiti isomwe au mfamasia aulizwe kilichomo.

Wapo wazazi wanaohofia kwamba dawa hizi zitaharibu kizazi cha binti. Hakuna ushahidi kwamba ibuprofeni inayotumika siku mbili au tatu za hedhi humfanya mtu akose kuzaa, wala haimjengei mtu uraibu.

Joto, mazoezi na tangawizi

Kati ya tiba zisizo dawa, joto ndilo lenye ushahidi mzuri. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2001, wanawake waliwekewa tumboni kiraka chenye joto la nyuzi 39 hivi kwa saa 12, wengine wakapewa ibuprofeni. Joto lilisaidia kama dawa ilivyosaidia, na waliopata vyote viwili walipata nafuu mapema zaidi. Hapa nyumbani chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga hutosha. Iwekwe chini ya kitovu, iwe ya joto la kuvumilika na si la kuunguza, na maji yabadilishwe yakipoa. Kwa binti asiyeruhusiwa kumeza ibuprofeni, hii ndiyo ya kuanzia.

Mazoezi nayo husaidia, lakini si yale ya kumlazimisha binti akimbie siku anayoumwa. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2019 ulikuta kwamba wanaofanya mazoezi dakika 45 hadi 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, huumwa kidogo kuliko wasiofanya. Watafiti walionya kwamba ubora wa tafiti hizo ni mdogo. Kutembea kwa haraka, kucheza netiboli au kufanya yoga kwa mwezi mzima hakuna hasara, lakini kusibadilishe dawa kwa anayeumwa sana.

Tangawizi ina ushahidi wa kutia moyo, ila ni mwembamba. Majaribio madogo yalitumia unga wa tangawizi wa miligramu 750 hadi 2,000 kwa siku, katika siku tatu au nne za mwanzo wa hedhi, na baadhi ya wanawake walipata nafuu. Hiyo ni takribani nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja cha unga mkavu. Chai ya tangawizi ni sawa kuinywa, mradi isimfanye mzazi aahirishe kidonge.

Yanayosemwa bila ushahidi

Kuhusu chango, wauzaji wengi wa dawa hizo husema maumivu yanatokana na uchafu au damu chafu iliyoganda tumboni inayotakiwa kusafishwa. Damu ya hedhi si uchafu uliokwama. Inatoka yenyewe, na maumivu ni ya msuli unaokazwa. Mchanganyiko wa mizizi usiojulikana kipimo haujapimwa kwa tatizo hili, na baadhi ya mimea huumiza ini na figo. Kama binti alishakunywa dawa ya namna hiyo, mzazi amwambie daktari bila kuficha.

Kukatazwa maji baridi au ndimu wakati wa hedhi hakuna msingi, kwa kuwa kinachonywewa kinakwenda tumboni na hakifiki kwenye mfuko wa uzazi. Ule usemi wa "akizaa yataisha" una chembe ya ukweli, maana kwa wanawake wengi maumivu hupungua kadiri miaka inavyokwenda na baada ya uzazi. Lakini hilo si tiba ya mwanafunzi wa miaka 15, na likitumiwa kama jibu linaweza kumfichia ugonjwa.

Maumivu yasiyo ya kawaida

Ugonjwa unaofichwa zaidi unaitwa endometriosisi. Tishu inayofanana na ule utando wa mfuko wa uzazi huota nje yake, kwenye ovari au juu ya matumbo, na kuleta uvimbe na makovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao, na unaweza kuanza katika umri wa shule. Vipimo vya picha kama ultrasaundi visipoonyesha kitu, bado havijathibitisha kwamba haupo.

Dalili zake hutofautiana na maumivu ya kawaida kwa mpangilio wake. Maumivu ya kawaida huja na damu na kuondoka siku ya pili au ya tatu. Yale ya endometriosisi yanaweza kuanza siku kadhaa kabla, yakaendelea baada ya damu kukoma, yakaongezeka mwaka hadi mwaka, au yakaja wakati wa kwenda haja kubwa au ndogo. Binti ambaye hajasaidiwa na dawa iliyotumika sawasawa kwa mizunguko mitatu anahitaji kuchunguzwa hospitali, na mzazi ana haki ya kuuliza kuhusu ugonjwa huu kwa jina lake.

Kuna hali nyingine ambazo hazipaswi kusubiri kalenda. Binti anayelowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa, au anayetoka damu zaidi ya siku saba kila mwezi, aonwe na daktari, kwani anaweza kuwa anaishiwa damu. Maumivu yanayoambatana na homa au uchafu wenye harufu mbaya huashiria maambukizi. Maumivu makali ya upande mmoja kwa msichana aliyechelewa kupata hedhi yapelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huanza hivyo.

Yupo pia binti ambaye matiti yameshaota, kila mwezi tumbo linamuuma kwa siku chache, lakini damu haijawahi kuonekana. Huyo anaweza kuwa anapata hedhi ambayo njia yake imezibwa tangu kuzaliwa, au kutokana na kovu la ukeketaji, na damu inajikusanya ndani mwezi baada ya mwezi. Ibuprofeni itampunguzia maumivu bila kuondoa kizuizi. Anachohitaji ni upasuaji wa kufungua njia hiyo, na kadiri anavyopelekwa mapema ndivyo mfuko wake wa uzazi na mirija vinavyosalimika.